Alama Ishirini na Moja kwa Nusu Dozi

Mwaka uliopita nilialikwa kuwa mtahini wa nje katika mtihani wa vitendo wa utoaji dawa, kwenye chuo kimoja cha afya ambacho jina lake nitalihifadhi. Watahiniwa walikuwa wanafunzi wa stashahada ya famasi. Karatasi ya kupimia ilikuwa na alama 25. Binti mmoja, mwenyeji wa Mpanda, alipata 21. Hiyo ni asilimia 84, yaani daraja la juu kabisa katika vyuo vyetu, na wenzangu mezani walimpongeza.

Binti huyo alikuwa amemkabidhi mama nusu ya dawa aliyohitaji mtoto.

Sikuandika makala haya kumsema yeye. Alifanya vema kila jambo tulilomwambia kuwa lina alama. Nayaandika kutusema sisi tuliotunga karatasi ile, tukaijumlisha kwa kikokotoo, kisha tukaiita kipimo cha umahiri. Mwanafunzi huyo atahitimu, atasajiliwa na Baraza la Famasi, na huenda akarudi kwao Katavi, akasimama peke yake kwenye dirisha la dawa la kituo cha afya huko Karema, Inyonga au Mishamo. Atakachokifanya pale ndicho tulichompigia makofi hapa.

Tuitazame kesi yenyewe. Cheti cha dawa kilichowekwa mezani kilikuwa cha mtoto wa miaka mitano, uzito kilo 18, aliyepimwa na kukutwa na malaria isiyo kali. Dawa iliyoandikwa ni mseto, yaani ALu, ambayo kila kidonge chake kina miligramu 20 za artemetha na miligramu 120 za lumefantrini. Mwandikaji aliandika kidonge 1, mara 2 kwa siku, kwa siku 3. Hilo lilikuwa kosa la makusudi, tuliloliweka kama mtego. Mseto hutolewa kwa uzito: mtoto wa kilo 5 hadi asiyefika kilo 15 humeza kidonge 1 kila dozi, wa kilo 15 hadi asiyefika 25 humeza 2, wa kilo 25 hadi asiyefika 35 humeza 3, na kuanzia kilo 35 kwenda juu ni 4. Dozi ni sita kwa siku tatu. Kwa hiyo mtoto wa kilo 18 anastahili vidonge 12, si 6.

Binti alikisoma cheti kwa sauti. Alihakiki jina, umri, tarehe, sahihi ya mwandikaji na jina la dawa. Uzito aliusoma pia, lakini hakuulinganisha na dozi. Akachukua pakiti ya vidonge 6, akaangalia tarehe ya kuisha muda, akaandika lebo kwa mwandiko mzuri, akamwita mama, akamsalimu, akamweleza, akamkabidhi.

Sasa fuatilia hesabu yetu. Uhakiki wa cheti ulikuwa na alama 6, moja kwa kila kipengele. Kipengele cha "dozi inalingana na uzito" alikikosa, akapata 5. Utayarishaji ulikuwa na alama 6: kunawa mikono, kuchagua dawa, kuhesabu, kufungasha na kadhalika. Karatasi ilidai "idadi sahihi kulingana na cheti", na cheti kilisema 6, naye akatoa 6, kwa hiyo akapata zote. Lebo alama 6, akapata zote. Ushauri alama 7, akapata 4. Jumla 21.

Umeona kilichotokea? Kosa ambalo ndilo lililokuwa shabaha ya kituo kizima cha mtihani liligharimu alama 1, sawasawa na ile ya kunawa mikono. Zaidi ya hapo, baada ya kulikosa, karatasi ilimlipa tena na tena kwa kulitekeleza kosa lilelile kwa unadhifu: alihesabu kosa kwa usahihi, akaliandikia lebo safi, akalieleza kwa upole. Karatasi ya namna hii haipimi usalama wa mgonjwa. Inapima idadi ya matendo yaliyoonekana, na hukubali wema mdogo kumi ulipie kosa kubwa moja.

Najua kuna watakaosema kuwa nusu dozi ya mseto si sumu, na kuwa mama angerudi. Ni kweli si sumu. Madhara yake ni ya kimya, na ndiyo maana ni mabaya. Homa hushuka siku ya kwanza au ya pili kwa kuwa artemetha hupunguza vimelea haraka hata ikiwa kidogo. Mtoto anacheza, mama anashukuru. Kisha vimelea vilivyobaki vinazaliana, homa inarudi, na safari hii huenda ikaja na degedege au upungufu mkubwa wa damu. Na vimelea vinavyozoezwa dozi pungufu hujifunza kuvumilia. Mkoani Kagera, katika ukanda wetu huuhuu wa magharibi, tayari wataalamu wamethibitisha vimelea vyenye mabadiliko yanayovifanya vife polepole mbele ya dawa za jamii ya artemisinini. Hatuna anasa ya kuchezea dawa hii.

Lakini lipo jambo jingine, na hili ndilo hasa linalonifanya niyaandike haya katika ukurasa wa siasa na jamii badala ya jarida la taaluma. Mtoto akirudi kituoni na homa, faili litasemaje? Litasema mama "hakumaliza dozi". Hakuna atakayeuliza kama dozi yenyewe ilikuwa kamili. Mwanamke aliyetembea nusu siku na mtoto mgongoni ataongezewa lawama ambayo mzizi wake ni karatasi ya alama iliyotungwa na watu wenye shahada. Katika nchi hii tumekuwa mahodari wa kuwalaumu wanyonge kwa makosa yanayoanzia kwenye madawati yetu.

Hebu sasa tuje kwenye lebo, ile iliyopata alama 6 kati ya 6. Iliandikwa jina la mtoto, tarehe, jina la dawa, kisha "1 x 2 x 3". Kila aliyewahi kuchukua dawa nchini anaijua alama hii. Kwa mtoa dawa, maana yake ni kidonge kimoja, mara mbili kwa siku, siku tatu. Kwa asiyefundishwa, ni hesabu ya kuzidisha ya darasa la tatu, na jibu lake ni sita. Sita nini? Kwa siku? Kwa mara moja? Nimewahi kumwuliza mzee mmoja sokoni Mpanda aliyekuwa na bahasha yenye "2 x 1" anaielewaje. Akanijibu kwa uhakika kabisa kuwa ni kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Hakuwa mjinga. Alikuwa amesoma maandishi yale kwa njia inayoingia akilini vilevile kama ya kwetu.

Mseto unaongeza ugumu wake. Dozi ya kwanza humezwa papo hapo. Ya pili humezwa saa nane baadaye, si kumi na mbili. Ya tatu huwa saa 24 baada ya ile ya kwanza, na kutoka hapo kila baada ya saa 12. Lebo ya "mara mbili kwa siku" haisemi lolote kati ya hayo. Na hapa lugha yetu inatutegea mtego ambao hakuna kitabu cha Kiingereza kinachoweza kuuonya, kwa kuwa haumo katika lugha hiyo. Kwa Kiswahili, "saa nane" ni muda wa kusubiri na ni wakati kwenye saa ya ukutani. Mama akimeza-sha mtoto dozi ya kwanza saa 4 asubuhi, kisha mtoa dawa akamwambia kwa haraka "ya pili saa nane", mama atampa mtoto saa 8 mchana. Zitakuwa zimepita saa nne tu. Alipaswa kumpa saa 12 jioni. Hakuna aliyekosea sarufi, hakuna aliyedanganya, na bado dozi imekosewa.

Basi lebo inayostahili alama zote kwa mtoto yule, tukichukulia kuwa dozi ya kwanza imetolewa saa 4 asubuhi, ingesomeka hivi: "Mseto. Vidonge 2 sasa. Vidonge 2 leo saa 12 jioni. Kesho na keshokutwa: vidonge 2 saa 4 asubuhi, vidonge 2 saa 4 usiku. Jumla vidonge 12." Hesabu mwenyewe: leo 4, kesho 4, keshokutwa 4. Ni maneno machache, yanaenea kwenye bahasha ya kawaida. Tofauti yake na "1 x 2 x 3" ni kwamba mtoa dawa ndiye aliyefanya kazi ya kufikiri, badala ya kumsukumia mama aifanye gizani. Tena anayeiandika hulazimika kuhesabu upya, na mara nyingi hapo ndipo kosa la idadi hujifichua.

Kipengele cha ushauri ndicho kilichoniumiza zaidi. Mtihani ule uliendeshwa kwa Kiingereza, kwa kuwa Kiingereza ndiyo lugha ya mitihani yetu. Mgonjwa wa kuigiza alikuwa mfanyakazi wa chuo, mama wa makamo, aliyekaa kitini akitikisa kichwa huku akihutubiwa kwa lugha ambayo, nilikuja kubaini wakati wa chai, haielewi. Alipotikisa kichwa, karatasi ilihesabu kuwa "mgonjwa ameelewa". Tulikuwa tunampima binti wa Mpanda jinsi atakavyozungumza na mama wa Mishamo, makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, ambako Kiswahili kwa wengi kimekaa juu ya Kirundi. Au na mama wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe hadi Mpimbwe. Na kipimo chetu kilikuwa hotuba ya Kiingereza.

Baada ya mtihani nilimwomba binti yule arudie maelezo yake kwa Kiswahili, bila alama, kwa yule yule mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Akaanza, kisha akakwama. Hakujua aseme vipi kwamba dawa hii hufyonzwa vizuri ikiliwa na mafuta. Kwa Kiingereza alikuwa ameikariri sentensi hiyo bila kujikwaa. Nikamsaidia: mwambie ampe na maziwa, au uji wa karanga, au kipande cha mgebuka wa kukaanga, chochote chenye mafuta kilichomo nyumbani. Mama akacheka, akasema, "Sasa ndiyo nasikia. Asubuhi nilikuwa naitikia tu, mwanangu, nisikuharibie mtihani."

Sentensi hiyo ya mama, wasomaji wangu, ni uhakiki kamili wa mtihani ule kuliko ripoti niliyoandika.

Ushauri hauthibitishwi na alichosema mtoa dawa, bali na alichobaki nacho mpokeaji. Njia ya kukijua ni moja na haina gharama: mwombe akueleze. Si kwa kumwuliza "umeelewa?", maana jibu la swali hilo ni "ndiyo" tangu enzi za mkoloni. Muulize hivi: "Mama, sijui kama nimekueleza vizuri. Hebu niambie, ukifika nyumbani leo utampaje mtoto dawa hii?" Mzigo wa kosa unakuwa wa mtoa dawa, na mama anajibu bila aibu. Akisema "saa nane mchana", umegundua kosa kabla halijatoka mlangoni. Kisha maswali mawili yaliyobaki: akiitapika punde baada ya kumeza, utafanyaje? Jibu ni kurudia dozi na kurudi kituoni kuchukua vidonge vya kufidia, kwa sababu pakiti haina cha ziada. Na homa ikiisha kesho, utafanyaje na vidonge vilivyobaki? Jibu ni kuvimaliza. Mwisho, dalili za kumkimbiza mtoto hospitali bila kungoja: degedege, kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, kulegea na kusinzia kusiko kwa kawaida.

Napendekeza nini? Tusiongeze vipengele, karatasi zetu zimevimba tayari. Tubadili umbo lake. Kituo cha utoaji dawa kiwe na milango mitatu ambayo mtahiniwa lazima aipite yote, na alama za kawaida zije baada ya hapo. Mlango wa kwanza: dawa, dozi na idadi iliyotoka mezani ni sahihi kwa mgonjwa huyu, au mtahiniwa amesimamisha utoaji na kuwasiliana na mwandikaji. Mlango wa pili: mtu asiyekuwepo chumbani anaweza kuisoma lebo na kutoa dawa bila kukosea. Mlango wa tatu: mgonjwa wa kuigiza, kwa lugha anayoitumia nyumbani, anarudia maelekezo kwa usahihi. Anayekwama katika mlango wowote hafaulu kituo, hata awe amenawa mikono mara saba.

Katika mlango wa kwanza tuwe waangalifu. Sisemi kwamba binti alipaswa kubadili cheti kwa mamlaka yake. Huenda dozi ndiyo iliyokosewa, na huenda ni uzito ulioandikwa vibaya. Jibu sahihi ni kumpima mtoto tena, kumpigia au kumfuata mwandikaji, kukubaliana naye, na kuandika mabadiliko kwenye cheti pamoja na jina lake. Mtahiniwa anayekimbilia kutoa vidonge 12 kimyakimya naye hajapita. Na ili tupime uhakiki badala ya bahati, pakiti ya vidonge 6 na ya vidonge 12 ziwekwe jirani kwenye rafu, na mtahini aangalie macho ya mtahiniwa: je, yanarudi kwenye cheti anapochukua pakiti, anapomaliza kuhesabu, na mara ya mwisho kabla ya kukabidhi? Hospitalini mtu wa pili anaweza kuhakiki. Kwenye zahanati au duka la dawa muhimu, mfumo ulioanza Ruvuma mwaka 2003 na kuenea nchi nzima, mara nyingi mtu wa pili hayupo. Macho ya mtoa dawa yanayorudi kwenye cheti ndiyo mtu wa pili pekee.

Nimekwisha kusikia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba huu ni ukatili: mwanafunzi mwenye hofu ya mtihani anaweza kuteleza mara moja akaangushwa. Pingamizi hili lina uzito. Ndiyo maana milango iwe mitatu tu, itangazwe tangu mwanzo wa muhula, na aliyekwama apewe kituo kingine chenye kesi nyingine ndani ya wiki hiyohiyo. Watahini wawe wawili, kila mmoja aandike uamuzi wake kabla ya kusikia wa mwenzake. Wakitofautiana, kesi irudiwe. Anayeteleza kwa hofu atapita mara ya pili. Asiyejua kulinganisha uzito na dozi hatapita, na hilo ndilo tunalotaka kulijua.

Pingamizi ya pili ni ya watumishi wenzangu wa umma: kwenye dirisha halisi lenye foleni ya watu sitini na mtoa dawa mmoja, nani ana muda wa kumsikiliza mama akirudia maelekezo? Nakiri, foleni hiyo nimeiona, Mpanda na kwingine. Lakini tazama kinachosemwa hapo. Kinachosemwa ni kwamba tumeajiri wachache mno, kwa hiyo tushushe kipimo kifanane na uhaba wetu. Nasema kinyume chake. Kipimo kikibaki mahali pake, uhaba unaonekana na unaweza kudaiwa. Kipimo kikishushwa, uhaba unapakwa rangi na kuitwa umahiri, na kila mwaka tunatangaza idadi ya wahitimu kana kwamba idadi ndiyo tiba.

Kwa wanafunzi wa famasi mnaosoma hapa: ombeni karatasi ya kupimia kabla ya mtihani, muulize kosa la dozi lina alama ngapi. Kwa wanaharakati: mnapodai dawa zifike Katavi, daini pia lebo inayosomeka, kwa maana dawa iliyofika na kumezwa kimakosa haijafika. Kwa walio NACTVET, wizarani na katika Baraza la Famasi: mabadiliko haya hayahitaji fedha wala sheria mpya, yanahitaji kikao kimoja cha watu walio tayari kukubali kuwa walikosea.

Nami nilikosea pia. Sahihi yangu ipo chini ya zile alama 21. Niliiweka kwa sababu karatasi ilikwishakujumlishwa, basi lilikuwa linasubiri, na kanuni haikunipa mahali pa kuandika kwamba mtoto hakupata dawa. Nilipofika nyumbani nilimwandikia mkuu wa idara barua, nikaambatanisha karatasi mpya yenye milango mitatu. Nangoja jibu.